Pini ya Simu Haiujui Mlango

Mwaka 2023 tuliondoka Mombasa watu watatu kwenda Lamu kuzika. Habari ya msiba tuliipata usiku kwa simu, pamoja na ile alama nyekundu ya ramani ambayo vijana huiita pini, na tukaambiwa kuwa maiti atasaliwa baada ya Alasiri. Tulitoka alfajiri, tukafika Mokowe, tukavuka kwa mashua, na tulipokanyaga gati ya Lamu ilikuwa bado kuna wakati wa kutosha. Tukaifuata simu.

Simu ikatuingiza vichochoroni, ikatupitisha chini ya wikio, mwisho ikatutangazia kuwa tumefika. Mbele yetu ulikuwepo ukuta mtupu wa mawe, wala hapakuwa na mlango. Tukabisha hodi nyumba ya jirani, kumbe ndani mlikuwa na wanawake peke yao, nao hawakupendezwa na sauti za wanaume wageni. Mtoto mmoja ndiye aliyetutoa aibuni, akatuzungusha hadi upande wa pili. Jeneza lilikuwa limekwisha kutoka, na sala ikatupita.

Wenzangu waliilaumu simu. Mimi nasema simu ilifanya kazi yake vile ilivyofundishwa. Aliyetuma pini aliibandika katikati ya paa, na ramani haijui mlango uko wapi. Inachofanya ni kutafuta njia iliyochorwa karibu zaidi na pini, kisha inakupeleka hapo. Nyumba ile iligusana na vichochoro viwili. Cha nyuma kilikuwa karibu zaidi na pini, na mlango uko cha mbele.

Tena iko dosari nyingine. Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya satelaiti, na penye uwazi hukosea kama mita 5 hivi. Lakini baina ya kuta ndefu za Mkomani mawimbi hugonga mawe na kurudi, na simu ikadhani iko nyumba ya tatu. Dalili yake huonekana: ile duara ya buluu inayoizunguka nukta. Ikiwa duara imemeza nyumba kadhaa, usiitume pini hiyo. Panda darini au toka penye uwazi, ngoja duara isinyae, kisha isogeze pini kwa kidole mpaka mlangoni.

Wako wanaosema dawa ni zile herufi na tarakimu za Plus Codes, zilizotolewa na Google mwaka 2014, ambazo hukipa kila kipande cha ardhi msimbo wake bila ya kuhitaji jina la barabara. Si jambo baya. Lakini msimbo wa kawaida ni mraba wa kama mita 14 kila upande, na katika mji ambao punda wawili hupishana kwa taabu, mraba huo hukusanya nyumba mbili au tatu. Wala haukuambii ni orofa ya ngapi.

Hebu tukumbuke kuwa anwani yetu ya Kenya kwa miaka mingi imekuwa sanduku la posta, nalo halisemi mtu analala wapi. Hata hivyo wazee wetu walifikishana. Walitaja mtaa, kisha msikiti au kisima, kisha mlango unaelekea wapi. Maneno hayo ndiyo yanayopaswa kufuatana na pini. Lau tungeandikiwa hivi: "Mkomani, kichochoro cha pili baada ya msikiti mdogo, mlango wenye daka, unatazama kibla," tungefika bila ya kumsumbua mtu. Na neno kibla hapa lina faida maalumu, kwani kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili. Ramani ya simu isipozungushwa, juu yake ndiyo kibla.

Alama iwe ya kudumu. Duka hufungwa, na jina lake hubaki midomoni mwa wenyeji tu, mgeni asilione.

Wale vijana wanaochora OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote aweza kuitengeneza, ningewaomba wasitubunie majina ya barabara ili kujaza nafasi. Humo mna nafasi ya `addr:place`, ambapo jina la mtaa huandikwa penye nyumba zisizohesabiwa kwa barabara, na alama ya `entrance=main` ya kuonyesha mlango mkuu. Lakini jina la mwenye nyumba wasiliandike. Kumwelekeza mgeni mmoja kwa "nyumba ya Bibi fulani" ni ada yetu. Kuliweka jina la mjane anayekaa peke yake mbele ya macho ya dunia nzima ni kumvunjia sitara. Pini ya msiba pia itumwe kwa wanaokuja kuzika, isitupwe kila kikundi cha simu, kwani nyumba ile itabaki na wenyewe baada ya matanga kwisha.