Jibu la Mwisho la Benki Si Hukumu



Watu wetu wasemao Kiswahili wanaoishi Uingereza wanaifahamu barua hii. Mteja amelalamika benki, amesubiri, kisha inamjia karatasi yenye nembo ikisema kwamba hilo ndilo jibu la mwisho na kwamba benki haitalipa. Wengi huisoma mara moja, huikunja, na kuitia kabatini. Wakiulizwa, husema: wakubwa wamekwisha kuamua, tumwachie Mungu.

Tunasema wazi kwamba hakuna aliyeamua kitu. Neno "mwisho" katika barua ile lina maana moja tu, yaani benki imemaliza kusema ya kwake. Ni maelezo ya mshtakiwa katika shauri lake mwenyewe. Barua hiyo hiyo inapaswa kumweleza mteja, na aghalabu humweleza katika aya za chini ambazo hakuna azisomaye, kwamba anaweza kulipeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Fedha. Ofisi hiyo ilianzishwa kwa Sheria ya Huduma za Fedha na Masoko ya mwaka 2000, na haimtozi mteja hata senti. Kwa hiyo barua iliyokusudiwa kufungua mlango ndiyo inayowafanya watu wetu waufunge. Hatusemi kwamba kila benki hupanga iwe hivyo, lakini hatujaona benki iliyosikitika kwamba ndivyo ilivyo.

Hata hivyo, lawama yetu kubwa leo haiendi kwa benki. Inatuendea sisi tunaowaandikia wenzetu barua: makatibu wa jumuiya, walimu wastaafu, na mapadre pia. Tumelelewa katika uandishi wa maombi. Tunajua kumwandikia mkuu wa wilaya kwa heshima na taadhima, kueleza umaskini wa mwombaji, idadi ya yatima anaowatunza na maradhi ya mama yake, kisha kuomba huruma. Ustadi huo tumeupeleka kwa Msuluhishi, na huko haufai. Msuluhishi hagawi sadaka. Kazi yake ni kuamua jambo lililo la haki na la busara katika mazingira yote ya shauri, akizingatia sheria, kanuni na mwenendo mwema unaotarajiwa kwa mabenki. Anayemwomba huruma humwacha bila kitu cha kuamua.

Tuchukue mfano. Tumeuunganisha kutokana na mashauri ya namna moja, na tarehe tumezipanga wenyewe ili hoja ionekane. Mama mmoja, mtunzaji wa wazee, alipigiwa simu Jumanne tarehe 14 Januari 2025 na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa idara ya usalama ya benki yake. Alimwambia kwamba wezi wameingia katika akaunti yake na kwamba fedha zihamishwe upesi kwenda "akaunti salama". Mama alilipa mara mbili kwa simu yake, paundi 2,900 na kisha paundi 3,500. Jioni ile alitambua kwamba ametapeliwa, akaiarifu benki. Alipokataliwa kurudishiwa fedha, alitoa malalamiko rasmi tarehe 20 Januari, na tarehe 7 Februari jibu la mwisho likatoka. Benki ilitoa sababu tatu: kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeidhinisha malipo, kwamba alioneshwa onyo la utapeli akalipuuza, na kwamba alipoulizwa sababu ya malipo alichagua "ndugu na jamaa", hivyo aliidanganya benki.

Msaidizi wake aliandika kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulieleza miaka yake ya kazi za usiku. Wa pili uliwalaani matapeli. Wa tatu ulisema benki hizi zinawadharau Waafrika. Katika ukurasa wa nne, mwishoni, ndipo kiasi cha fedha kilipotajwa. Sababu tatu za benki hazikujibiwa hata moja. Tena yalikuwamo makosa ambayo Mswahili yeyote anaweza kuyafanya. Mama alisema alipigiwa saa saba mchana, na msaidizi akaandika kwa Kiingereza saa 7 jioni. Kumbukumbu za benki zilionesha malipo yalifanyika saa 7 mchana kwa hesabu yetu, yaani saa 13 kwa hesabu yao. Mtu anayesoma pande zote mbili angeona malipo yametangulia simu ya tapeli kwa saa sita, na angeanza kumtilia shaka mama mkweli.

Sasa tuangalie neno linaloamua shauri la namna hii. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, kwa kanuni za Mdhibiti wa Mifumo ya Malipo, benki ya Uingereza inapaswa kumrudishia mteja aliyetapeliwa akatuma fedha mwenyewe kwa malipo ya haraka kwenda akaunti nyingine ndani ya nchi hiyo. Ukomo ni paundi 85,000, na benki inaweza kukata hadi paundi 100. Fedha zilizotumwa nje ya nchi hazimo katika kanuni hizi. Benki inaweza kukataa endapo mteja alifanya uzembe mkubwa mno, na mzigo wa kuuthibitisha uzembe huo ni wa benki. Uzembe wa kawaida hautoshi. Wala onyo la jumla, lile linalomtokea kila mteja kwa maneno yale yale, halitoshi peke yake kuwa ushahidi wa uzembe huo.

Ukishalijua hilo, muhtasari unajiandika wenyewe, nao hauzidi nusu ukurasa. Huu hapa kwa Kiswahili:

"Nalalamika kwamba benki imekataa kunirudishia paundi 6,400 nilizotapeliwa tarehe 14 Januari 2025. Saa 13:05 nilipigiwa simu na mtu aliyejifanya mtumishi wa benki yangu. Saa 13:12 nililipa paundi 2,900 na saa 13:31 paundi 3,500, zote kwa mtu ambaye sijapata kumlipa. Niliiarifu benki saa 18:40 siku hiyo hiyo. Jibu la mwisho ni la tarehe 7 Februari 2025. Benki inasema niliidhinisha malipo. Ni kweli, na kanuni za kurudishiwa fedha zinawahusu walioidhinisha malipo kwa kudanganywa. Benki inasema nilipuuza onyo. Onyo lilisema tu kwamba utapeli upo na niwe mwangalifu. Halikusema kwamba benki haiwezi kamwe kumwambia mteja ahamishe fedha kwenda akaunti salama. Benki inasema nilichagua 'ndugu na jamaa'. Ni kweli nilichagua hivyo, kwa kuwa aliyenipigia aliniagiza, akisema wezi wangeona sababu nyingine. Katika miezi 12 iliyotangulia, malipo yangu makubwa kuliko yote yalikuwa kodi ya nyumba, paundi 780. Benki haikunipigia simu kabla ya kupitisha malipo haya. Naomba nirudishiwe fedha zangu pamoja na riba ya muda niliozikosa."

Tazameni jinsi ulivyojengwa. Dai liko katika sentensi ya kwanza. Kila sababu ya benki imetajwa na kujibiwa mahali pale pale, kwa mpangilio wa barua ya benki yenyewe. Taarifa za akaunti za mwaka mzima zinaambatishwa ili kuonesha kwamba malipo yale hayakufanana na desturi yake, na kumbukumbu ya simu inaambatishwa kuonesha saa. Neno linalomuumiza halikufichwa. Wengine watatushangaa hapo: kwa nini mama akiri kwamba alichagua sababu ya uongo? Kwa sababu benki inayo kumbukumbu ya alichobonyeza, na Msuluhishi ataiona. Akilificha, litasomwa kama hila. Akilieleza, litasomwa kama lilivyokuwa, yaani sehemu ya udanganyifu aliofanyiwa.

Wapo watakaotuambia kwamba tumelinyang'anya shauri machozi yake, na kwamba maandishi makavu ni lugha ya benki. Hoja hii tunaiheshimu. Mateso ya mama yana mahali pake, kwani Msuluhishi anaweza kuamuru fidia kwa ajili ya fadhaa na usumbufu uliosababishwa na benki. Lakini hata hapo anataka kujua lililotokea: kwamba benki ilimsubirisha kwenye simu kwa muda gani na siku gani, kwamba alirudia habari yake kwa watumishi wangapi, kwamba alishindwa kulipa kodi ya mwezi upi. Tena ikiwa mtu alikuwa katika hali dhaifu, mathalani alikuwa mgonjwa au amefiwa karibuni, na hali hiyo ilimfanya ashindwe kujikinga na tapeli, kanuni zinamkinga hata dhidi ya hoja ya uzembe mkubwa. Hilo basi si la kuweka ukurasa wa tatu kama kilio. Liandikwe juu kabisa kama hoja, pamoja na cheti cha daktari.

Lolote lisilopata kupelekwa benki lisiingizwe hapa kwa mara ya kwanza. Msuluhishi hutaka benki iwe imepata nafasi ya kulijibu kwanza, na jambo jipya huweza kurudishwa nyuma.

Kuhusu muda tunasisitiza, maana ndipo wengi wanapoangukia. Mteja ana miezi sita tangu benki ilipotuma jibu la mwisho. Kwa mama yetu, mwisho ni tarehe 7 Agosti 2025. Haihesabiwi tangu siku aliyoisoma, na siku hizi barua nyingi hukaa katika sanduku la ujumbe ndani ya programu ya benki kwenye simu bila kufunguliwa. Kuna mtego mwingine. Mteja huiandikia benki tena akibishana nayo, nayo humjibu kwa upole kwamba msimamo wake haujabadilika. Barua hiyo ya pili haianzishi miezi sita upya. Tunawasihi viongozi wa jumuiya waandike tarehe ya mwisho juu ya bahasha siku ile ile barua inapoletwa kwao. Aliyechelewa hupokelewa kwa sababu za kipekee tu, kama maradhi mazito, au benki yenyewe ikiridhia. Na kama benki haijibu kabisa, mteja hangoji milele: kwa malalamiko ya malipo kama haya benki ina siku 15 za kazi, na 35 kwa sababu za kipekee, kwa malalamiko mengine ina wiki nane. Zikipita, mlango wa Msuluhishi u wazi bila barua yoyote.

Fomu inapatikana katika anwani financial-ombudsman.org.uk, na asiyejua Kiingereza anaweza kuomba msaada wa lugha. Rafiki au katibu wa jumuiya anaruhusiwa kumwakilisha kwa idhini yake. Hakuna haja ya kuwapa sehemu ya fedha wale mawakala wanaojitangaza redioni, kwa kazi ya nusu ukurasa.

Mchunguzi atatoa maoni yake kwanza, na upande usioridhika unaweza kuomba uamuzi wa Msuluhishi mwenyewe. Uamuzi huo unaibana benki endapo mteja ataukubali katika muda uliotajwa, na hapo shauri huwa limekwisha kwa pande zote mbili. Asipoukubali, haumfungi, na mahakama bado iko wazi kwake. Kwa hiyo barua ya uamuzi nayo isitiwe kabatini: ina tarehe yake ya kujibiwa, na kukaa kimya huhesabiwa kuwa ni kuukataa.