Takwimu "kwa atakayeomba": aombe nani?

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulifungwa Juni 2020 na wagonjwa 3,470: 3,317 waliothibitishwa na maabara, 153 wa kudhaniwa. Walikufa 2,287. Gawanya vifo kwa wagonjwa wote, unapata asilimia 66. Gawanya kwa waliothibitishwa tu, unapata 69, nayo ni kosa, maana waliodhaniwa wamo kati ya vifo. Mtafiti akiandika 69, mwenzake atajuaje ilitoka wapi?

Makala nyingi hufunga kwa sentensi moja: "takwimu zitatolewa kwa atakayeomba". Mwandishi akihama kazi, barua pepe haijibiwi tena.

Maelezo ya kutosha yangesema hivi: "Jedwali la wagonjwa kwa wiki na kwa eneo la afya, jinsi lilivyokuwa siku tulipolipakua, liko Zenodo pamoja na programu yetu ya R, DOI ni ya toleo hili. Anza na `01_safisha.R`. Matoleo ya vifurushi yamo katika `renv.lock`." Siku ya kupakua ni lazima, kwani kesi zilibadilishwa kundi kadiri majibu yalivyoingia. GitHub peke yake haitoshi: mwenyewe anaweza kuifuta kesho.

Orodha ya wagonjwa mmoja mmoja haiwekwi wazi. Kijijini, umri na tarehe ya kulazwa vinatosha kumtambulisha mtu hata bila jina. Basi maelezo yataje ofisi inayoitunza na masharti ya kuipata.