Keki ya Muhogo Imekuwa Kama Gundi? Msimshambulie, Tatizo ni Maziwa!

Kuna mdada wa keki pale Mbinga mjini, kaposti keki ya muhogo, katikati imeganda kama ugali. Komenti zikamiminika: "Muhogo ni wa ugali tu!" Jamani, mnamuonea. Tatizo ni maziwa mengi.

Unga wa muhogo hauna gluteni, ile inayoishika keki ya ngano. Rojo likiwa jepesi, wanga unazama chini na kuwa kama mpira. Kinachoshika hapa ni yai.

Kwa gramu 200 za unga, aweke mayai 4, sukari gramu 150, mafuta mililita 100, maziwa mililita 100 tu na bekingi pauda vijiko vidogo 2. Rojo lipumzike dakika 15 unga unywe maji. Likidondoka zito kwenye mwiko, liko poa. Likitiririka, aongeze unga kidogo.

Ule unga wa muhogo uliovundikwa aachane nao, keki itanuka uchachu. Na asikate ya moto! Wanga unakaza keki ikipoa. Ukiwahi kisu, hata keki nzuri inaonekana mbichi.

Nyie mnasemaje?