Kilo Moja ya Pamba

Mwaka jana, kwenye mafunzo ya vijana, nilitaja chama cha wafanyakazi. Mfanyakazi mmoja wa shirika akanikatiza: "Kijana, tusilete siasa hapa. Ninyi ni wakimbizi, mshukuru hata hiyo lejaleja mnayopata." Wenzangu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Na mimi nilinyamaza. Leo namjibu, na ninyi mlioko kambini mnisikilize pia, kwa sababu maneno yale nayasikia hata vinywani mwetu wenyewe.

Nianze na pamba, kwa sababu huku Nyakiyumbu pamba ndiyo inatufundisha. Msimu wa kuchuma ukifika, wenye mashamba wanatafuta watu wa lejaleja. Tunakwenda Wakongomani, wanakwenda na mama za Kikonzo wa hapa. Lugha hata haitusumbui, maana Mkonzo na Mnande wanaelewana. Malipo yalikuwa shilingi 200 kwa kilo. Mtu mwenye mikono myepesi anachuma kama kilo 25 kwa siku, basi anarudi nyumbani na 5,000.

Kulikuwa na mama mmoja, jirani yetu, ambaye asubuhi moja alimwambia mwenye shamba: "Mzee, tuongezee, ifike 300." Yule mzee hakukasirika hata kidogo. Alimwonyesha barabara tu. "Mama, kama hutaki, wengine wako mule barabarani." Mama akainama, akaendelea kuchuma.

Watu wengi wanasema yule mama alishindwa kwa sababu ni mwoga, au kwa sababu mzee ana roho mbaya. Mimi nakataa. Alishindwa kwa hesabu. Yeye akiondoka, pamba inayobaki mtini ni kilo 25, na kesho yake yuko mwingine wa kuichuma. Mzee hapotezi kitu. Mama naye anapoteza chakula cha siku hiyo. Katika mazungumzo ya mshahara, anayeweza kungoja ndiye anayetaja bei.

Wiki iliyofuata tulijaribu njia nyingine. Tulikuwa wachumaji 22. Jioni tulikaa chini ya mwembe, Wakongomani na Wakonzo pamoja, tukakubaliana mambo mawili: bei iwe 300, na mizani isimamiwe na mtu wetu mmoja. Tulichagua watatu wa kusema, wawili wakiwa wenyeji wa hapa, ili mzee asiseme ni fujo ya wageni. Asubuhi hakuna aliyeingia shambani. Tulikaa pembeni na magunia yetu, bila kelele.

Sasa angalia hesabu ilivyogeuka. Watu 22 kwa kilo 25 ni kilo 550 kwa siku. Mzee mwenyewe alikuwa ametuambia kwamba anauza kwa 2,000 kilo. Basi kila siku tuliyokaa pembeni, pamba ya 1,100,000 ilibaki wazi mtini, na upande wa milima wingu lilikuwa jeusi. Pamba iliyopasuka ikinyeshewa inashika uchafu, rangi inaharibika, daraja linashuka. Kutuongezea shilingi 50 kwa kilo kungemgharimu 27,500 kwa siku. Hakuhitaji kutupenda ili akubali. Alihitaji kujumlisha tu. Kabla ya saa nne tulikuwa tumeafikiana: 250 kwa kilo, na mtu wetu kwenye mizani.

Hiyo mizani msiidharau. Tulichukua paketi tano za sukari ya kilo moja moja, ambazo hazijafunguliwa, tukazitundika. Mizani ikasoma nne na kidogo. Maana yake ni kwamba tulikuwa tumepoteza karibu kilo moja katika kila tano, na hiyo ni hela inayokaribia nyongeza tuliyoipata. Mtu mmoja akisema mizani ni mbovu anaitwa mkorofi. Watu 22 wakisema hivyo, inaletwa mizani nyingine.

Lakini siwadanganyi. Ilidumu siku tisa tu. Siku ya kumi mzee alileta vijana kumi na wawili kutoka upande wa pili wa barabara, kwa 200 ile ile. Hatukuwa tumezungumza nao, na hatukuwa na karatasi yoyote. Tulipomkumbusha makubaliano, mzee akauliza: "Yameandikwa wapi?" Wenzetu wengine waliwaita wale vijana wasaliti. Mimi nasema kosa lilikuwa letu, maana walikuwa na njaa kama sisi na hakuna aliyewaita chini ya mwembe.

Nilipoanza kusoma historia ya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, niliona kwamba jambo letu si jipya. Limeshatokea Mombasa, kwa ukubwa ambao sisi hatuwezi kuufikiria. Tarehe 13 Januari 1947 mji ule ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wapakuzi wa bandarini, watu wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na watumishi wa majumbani mwa Wazungu. Wapakuzi wengi walikuwa vibarua wa siku, kama sisi. Kila siku walikutana kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na huko ndiko walikopashana habari na kuamua. Kwa karibu wiki mbili meli zilingoja.

Nguvu yao ilitoka wapi? Kabla ya hapo, mpakuzi mmoja akidai nyongeza alijibiwa kama yule mama: wengine wako getini. Lakini siku ile wa getini nao walikuwa Kiwanja cha Maskini. Hapakuwa na barabara ya kuonyesha kwa kidole. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda baraza la usuluhishi, na baraza hilo likapandisha mishahara. Watu ambao miaka yote waliambiwa pesa haipo waliona pesa imepatikana.

Hata hivyo wale wa Mombasa walikuwa na udhaifu kama wetu. Nyongeza ilitolewa na baraza. Haikuwa mkataba uliotiwa saini kati ya waajiri na chama ambacho waajiri wanakitambua. Wafanyakazi walikuwa na shirikisho lao, rais wake akiwa Chege Kibachia, lakini Agosti 1947 alikamatwa, akapelekwa kuishi Kabarnet, mbali na bandari, na alikaa huko miaka kumi. Shirikisho likadhoofika.

Mwaka 1955 wapakuzi wa Mombasa waligoma tena. Safari hii Tom Mboya, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya, aliwashawishi warudi kazini wakati dai lao likipelekwa kwa msuluhishi, naye akalitetea huko kwa hoja. Walipata nyongeza ya karibu theluthi moja ya mshahara. Mimi nasoma hivi: mgomo unamfanya mwajiri akusikilize leo. Chama na mkataba ndivyo vinavyomfanya akusikilize na kesho, hata kama kiongozi wenu hayupo.

Sasa nirudi kwa yule ndugu wa shirika aliyesema ni siasa. Ndugu yangu, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inataja haki ya mkimbizi kufanya kazi ya kulipwa. Inataja pia haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa wala vya faida, na vyama vya wafanyakazi. Vimetajwa kwa jina lao. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 nao unavitaja. Katiba ya Uganda, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, ya kujadiliana kwa pamoja, na ya kusimamisha kazi kwa kufuata sheria. Aliyetuambia tunyamaze ndiye hakusoma.

Eti tushukuru. Tushukuru kiwango gani? Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, rais hakuutia saini. Hakuna sakafu ya sheria ya kukanyaga. Sakafu pekee ni ile tunayokubaliana wenyewe na mwajiri.

Na mashirika nayo yajitazame. Kule Kakuma na Dadaab, mkimbizi anayefundisha au kuhudumu zahanati hapewi mshahara, anapewa kile kinachoitwa motisha, na mashirika hukaa pamoja kupanga viwango ili moja lisizidi jingine. Naelewa sababu: hawataki kunyang'anyana watu. Lakini hayo ndiyo majadiliano ya pamoja, upande wa waajiri. Kama waajiri wanaruhusiwa kukaa meza moja kabla ya kutaja bei, kwa nini sisi tukikaa chini ya mwembe inaitwa siasa? Ninayo haki ya kuuliza, kwa sababu mimi pia napokea posho ya namna hiyo, na siku nilipopewa karatasi ya kusaini hakuna aliyeniuliza inatosha ama haitoshi.

Wako watakaosema lejaleja haina chama, kwa sababu leo uko kwa huyu na kesho kwa yule. Ni kweli ni vigumu, ila si kweli kwamba haiwezekani. Upo chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, na juu yake yapo mashirikisho mawili, NOTU na COFTU. Tena kanuni za kazi za 2011 zinasema kibarua akifanya kazi kwa mwajiri mmoja miezi minne mfululizo, si kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi. Wangapi kati yetu wamepita miezi minne na bado wanaitwa vibarua? Mmoja akienda kwa afisa wa kazi wa wilaya kuuliza hilo, kesho anaweza kukosa kazi. Wakienda kumi na daftari lenye tarehe zao, kuwafukuza wote ni kusimamisha shamba.

Kwa hiyo msimu huu sisi tunaanza mapema, kabla pamba haijapasuka. Tumeshavuka barabara kuongea na wale vijana kumi na wawili. Tumekubaliana bei moja, wenyeji na wakimbizi, kwa sababu mkimbizi akichuma kwa 200, Mkonzo naye atalipwa 200, halafu atatuchukia sisi badala ya anayelipa. Tutaomba karatasi moja yenye bei, mizani, na siku ya malipo, isainiwe na pande zote mbili mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Wenye mashamba wawili wamesema watafikiria. Yule mzee wetu alicheka, akauliza kama tutaleta sukari tena.

Tutaleta.