Maumivu ya Tendo la Ndoa kwa Mama Anayenyonyesha



Mama mmoja ametuandikia kwamba mtoto wake ana miezi 5 na anamnyonyesha usiku na mchana. Nifasi ilikatika zamani, mshono umepona, lakini kila akikutana na mumewe huhisi ukavu na maumivu kama ya mchubuko. Mume ameanza kudhani hatakiwi tena, na somo amempa shabu ajitie.

Shabu aiache leo hii. Kazi yake ni kukausha na kukaza, na mama huyu tayari amekauka. Aache pia kujiosha ndani kwa sabuni na kujitia marashi.

Kinachomsumbua ni kunyonyesha kwenyewe. Mtoto anyonyapo, mwili hutoa homoni ya prolaktini, ambayo huleta maziwa na kuzituliza ovari. Ovari zikitulia, estrojeni hushuka, nayo ndiyo inayoufanya uke uwe mnene na wenye unyevu. Kwa sababu hiyo hiyo hedhi huchelewa kurudi. Uke huwa mwembamba na mkavu, mfano wa mwanamke aliyekoma hedhi, hata kama mapenzi yamejaa moyoni. Mume alifahamu hilo. Kukatika kwa nifasi kumeondoa katazo la sharia, wala hakumaanishi kwamba mwili umekwisha kuwa tayari.

Tiba ya kwanza ni jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, isiyo na manukato, inayouzwa katika maduka ya dawa. Wote wawili wapake, si kwa uchache, na wasifanye haraka. Maumivu yakija, wasimame. Haidhuru maziwa. Mafuta ya nazi wengi huyapenda, ila hudhoofisha mipira ya kondomu ikapasuka, basi anayepanga uzazi kwa kondomu asiyatumie.

Ikiwa wiki kadhaa zimepita bila nafuu, amwone daktari, amweleze kuwa ananyonyesha. Huenda akampa krimu ya estrojeni ya kiasi kidogo, itiwayo ukeni, aghalabu kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Kinachoingia damuni ni kidogo sana, kwa hivyo kwa kawaida haimzuii kunyonyesha. Asiifananishe na vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, ambavyo vyaweza kupunguza maziwa. Na katika Ramadhani aitie usiku, kwani kwa madhehebu yetu ya Shafii dawa iingiayo ukeni hubatilisha saumu.

Hali hii kwa kawaida huondoka mtoto anapopunguza kunyonya na hedhi kurudi. Si lazima amwachishe ziwa.

Lakini maumivu yakiwa mahali pamoja penye kovu, au kukiwa na uchafu wenye harufu, homa, au damu baada ya tendo, huo si ukavu pekee. Aende hospitali apimwe, asingoje jeli.