Harage Puani: Tuizuie Mikono Yetu

Msimu wa mavuno ya maharage unapofika katika nyanda zetu hizi, tangu Mbeya hadi Iringa, ungo hauondoki barazani. Mama huchambua, naye mtoto hukaa kando akichezea punje. Katika nyumba moja ya jirani zetu, mtoto wa miaka mitatu alijitia harage katika tundu la kulia la pua. Mama aliliona waziwazi, akachukua pini ya nywele alitoe. Harage likateleza ndani zaidi, damu ikatoka, na mtoto hakukubali tena kuguswa.

Hatumlaumu, kwani nani kati yetu asingejaribu? Lakini kitu cha mviringo hakina pa kushikwa, na kila kinapochokonolewa husogea nyuma, kule pua inakofungukia kooni. Kikidondokea huko, mtoto aweza kukivuta katika njia ya hewa. Harage lina dhara lake jingine: hunywa unyevu wa pua na kuvimba, kama linavyovimba tukiliroweka kabla ya kupika. Kwa hiyo tusimimine maji puani, wala tusingoje kesho.

Shanga, au punje ya tasbihi iliyokatika, haivimbi, nayo yaweza kukaa siku nyingi pasipo mzazi kujua. Mafua ya kawaida hutoka matundu yote mawili. Makamasi yenye harufu mbaya yakitoka upande mmoja tu, tushuku kuna kitu ndani.

Mtoto aliyetulizwa na kupumua kwa mdomo apelekwe siku hiyohiyo kituo cha afya. Huko mhudumu aweza kumwelekeza mama njia iliyoandikwa na daktari mmoja wa Marekani mwaka 1965, iitwayo busu la mama. Mama huziba kwa kidole tundu lililo wazi, huufunika mdomo wa mwanawe kwa mdomo wake, kisha hupuliza pumzi moja fupi ya ghafla. Hewa hupitia nyuma ya pua na kukisukuma kitu nje. Hufaulu takriban mara sita katika kumi. Mtoto mkubwa huweza kupenga mwenyewe, tundu jingine likiwa limezibwa.

Yule wa jirani zetu pua ilikuwa imekwisha kuvimba, ikabidi apelekwe hospitali ya rufaa, kwa daktari wa masikio, pua na koo, aliyelitoa kwa kijiti chenye ncha iliyopinda, kinachopita nyuma ya kitu na kukivuta mbele.

Yako mawili yasiyongoja hata saa moja. La kwanza ni betri ndogo bapa, ya saa au ya rimoti, kwa kuwa huunguza nyama ya pua kwa muda wa saa chache. La pili ni mtoto aliyeanza kukohoa ghafla, kukoroma au kupumua kwa taabu, hata kama kitu hakionekani tena puani. Hapo aondoke na pikipiki ya kwanza ipitayo.