Mjibu Mara Moja, na Umwambie Kweli



Imekuwa kama kanuni siku hizi, khasa kwa wari wanaokaribia harusi: ukipata ujumbe wa kimahaba kutoka kwa mwanamme uliyekutana naye mara moja tu, mfungie namba ukae kimya, ndiyo heshima ya mwanamke wa Kiislamu. Upande wa pili wapo mashoga wanaosema mchekee kidogo, neno tamu linakugharimu nini? Sisi hatukubaliani na hao wala hawa.

Tuchukue mfano. Mwari wa Unguja amekwenda Singida mjini kwenye harusi ya binamu yake. Si safari ya mchezo: boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi kupita Morogoro, Dodoma na Manyoni. Siku ya kurudi, stendi, ananunua madumu mawili ya mafuta ya alizeti, maana nani anatoka Singida bila ya alizeti? Anamtumia kijana muuzaji pesa kwa simu, na kijana anambebea madumu mpaka kwenye basi. Basi likaondoka, khabari ikaisha. Wiki tatu baadaye, ujumbe: “Mambo mrembo wa Zanzibar? Tangu uondoke, upepo wa Singida umekuwa baridi kwangu. Au umeshanisahau?” Na mwisho wake kijikatuni cha busu.

Namba kaipata kwenye malipo, na hilo si zuri. Namba ya mteja si zawadi ya muuzaji. Lakini kijana hajatukana wala hajaomba lisiloombwa. Amerusha ndoano aone kama kuna samaki. Bibi wetu anakumbuka madumu na upepo. Sura haikumbuki. Naye ameposwa, nikaha yake ni baada ya Idi.

Sasa wale wa kimya. Tunawauliza: katika dini yetu, kimya cha msichana maana yake nini? Hadithi inajulikana: bikira akiulizwa kuhusu ndoa, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Hukumu hiyo ni ya walii anapomuuliza binti yake, si ya mpita njia, tunalijua hilo. Lakini tumelea watoto wetu wote, wa kike na wa kiume, wakiamini kwamba msichana anayetaka huona haya akanyamaza. Kijana anaona vitiki viwili vya buluu, ujumbe umesomwa, hakuna jibu. Atafikiri nini? Atasema ana haya, na kesho ataleta wa pili, mtamu zaidi. Kumfungia namba kunamaliza simu hiyo moja, hakumalizi dhana yake. Vijana wana laini mbili tatu.

Na wale wa kicheko tunawapeleka Sura ya Al-Ahzab, aya ya 32. Wake wa Mtume wanakatazwa kulegeza sauti, asije akatamani mwenye maradhi moyoni, lakini aya haikuishia hapo. Wanaamrishwa waseme, na waseme maneno mema yanayojulikana. Wanavyuoni wameichukua kuwa adabu kwa wanawake wote wa Kiislamu. Kwa hiyo kilichokatazwa ni kulegea, kusema hakukukatazwa. Kijikatuni cha kicheko ni kulegea, hata kama mkono uliokibonyeza haukuwa na nia yoyote.

Jibu tunalolipendekeza ni hili:

“Assalaamu alaykum kaka. Nakumbuka niliponunua mafuta stendi na ukanibebea madumu, ingawa sura yako siikumbuki vizuri. Ahsante kwa msaada ule. Mimi nimeposwa, na mazungumzo ya namna hii siyataki. Naomba uifute namba yangu. Allah akujaalie kheri.”

Tazameni neno “kaka”. Linamheshimu na papo hapo linamweka mahali pake. Kuhusu kumkumbuka, usijifanye unamkumbuka ili usimuumize, maana ujumbe wake wa pili utajenga juu ya uwongo huo: “kumbe nawe ulikuwa ukiniwaza!” Lakini pia usiandike “wewe nani?” kwa kejeli ilhali madumu unayakumbuka. Sema unachokumbuka, usichokikumbuka kiache. Shukurani ni haki yake. Alibeba mzigo, na mzigo wa alizeti si mwepesi.

“Nimeposwa” lina uzito wa kisharia. Mtume ﷺ amekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye, kwa hiyo ukimwambia unamwokoa na dhambi ambayo huenda hakujua kama anaiendea. Lakini liseme kama ni kweli tu. Tunawaona dada wasioposwa wanaandika “mimi mke wa mtu” ili kujinasua. Huyo kijana anajuana na watu wa mtaa wa shangazi yako, na wiki ya pili shangazi anapigiwa simu kupewa hongera ya ndoa asiyoijua. Kama hujaposwa na humtaki, “sina nia hiyo, kaka” inatosha. Hukudaiwa sababu.

Na kama hujaposwa, na moyo unasema pengine ni mtu wa kheri? Hapo pia jibu ni moja, na si kuchati mpaka usiku wa manane. “Kama una nia ya ndoa, baba yangu yupo, nitakupa namba yake.” Mwenye nia ataomba namba. Mwenye upepo wa Singida tu ataaga.

Sasa maneno ya kuepuka, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu kwa upole. “Kwa sasa sipo tayari”: yeye anasikia baadaye utakuwa tayari. “Tutaona.” “Labda.” Na kubwa kuliko yote, “inshaAllah”, tunayoitumia kukataa bila ya kukataa. Jina la Mola si pazia la kujifichia. Kijana wa watu atasubiri, ataweka vocha, atawasimulia wenzake stendi kwamba mtoto wa Kizanzibari kamwambia inshaAllah. Huo tunauita ukatili, ingawa umevaa kanga ya upole.

Akirudi na “basi tuwe marafiki tu”, usijibu. Umeshasema, na kimya cha sasa kina maana kwa sababu kimetanguliwa na neno. Mfungie ukipenda.

Yote haya ni kwa mtu aliyekuja na maneno ya kawaida ya kimahaba. Akianza na picha chafu, matusi au vitisho, hana deni la jibu kwako. Usifute kitu, hifadhi ujumbe na namba, mwambie mzazi, nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kutishana na kusumbuana kwa njia hii.

Wapo wanaoona msichana asimwandikie kabisa mwanamme asiye maharimu. Mwenye msimamo huo ampe kakake aandike, lakini aandike maneno yaleyale, si matusi. Na kupiga picha ya skrini ukaitupa kwenye kundi la maandalizi ya harusi watu wamcheke kijana na upepo wake, hilo hatulipatii jina la kulipamba. Ni kumsengenya mtu.

Mchumba naye aambiwe? Hatuoni ulazima wa kumpigia simu kwa ujumbe mmoja uliokwisha jibiwa. Ila usiufute. Akiuliza, mpe simu asome mwenyewe, ujumbe na jibu lake.